Kutoka "leteni" hadi "naomba mtuletee": kulainisha ujumbe wa amri kwenye kundi la ukoo

Mwanzoni mwa Desemba mwaka jana niliandika ujumbe kwenye kundi la ukoo nikiwa nimesimama stendi ya Moshi, nasubiri daladala. Mimi ndiye katibu wa ukoo wetu, kwa sababu siku ya uchaguzi sikuwepo kikaoni. Ujumbe wenyewe huu hapa, bila kuongeza wala kupunguza:

> Habari zenu. Kikao cha ukoo ni tarehe 27 Desemba saa nne asubuhi nyumbani kwa babu Kibosho. Fikeni mapema. Msichelewe. Kila kaya itoe mchango wa shilingi 50,000, tumeni kwa mhazini kabla ya tarehe 15. Baba mdogo leta spika. Shangazi simamia mtori. Vijana njooni tarehe 26 mfanye usafi. Atakayeshindwa kufika atoe taarifa. Thibitisheni leo na msijibu kwa kidole gumba.

Majibu yalikuja haraka. Vijana saba waliweka kidole gumba. Shangazi aliandika maneno mawili: "Sawa bosi." Baba mdogo aliusoma, tiki zikawa za bluu, akanyamaza. Jioni nilimsomea mama ujumbe huo kwa sauti. Hata sikufika mwisho, akasema, "Umeandika kama mgambo."

Hakukuwa na tusi ndani yake, wala jambo la uongo. Kasoro ilikuwa kwenye vitenzi. Usiku ule tulikaa mezani tukaurekebisha kitenzi kimoja baada ya kingine, na nimeandika hapa jinsi tulivyofanya, maana najua makatibu wa kamati za harusi na vikundi vya kina mama wana ujumbe wa namna hii kwenye simu zao.

Hatua ya kwanza: zitafute amri

Soma ujumbe ukitafuta vitenzi visivyo na mtendaji mbele yake. Kitenzi cha amri hakina *u-*, *m-* wala *tu-* mwanzoni. Kinaanza na mzizi moja kwa moja. Ukimwamuru mtu mmoja kinabaki kama kilivyo (*leta, simamia*), ukiwaamuru wengi kinapata *-eni* au *-ni* mwishoni (*fikeni, tumeni, thibitisheni, jibuni*). Kwangu nilipata sita: fikeni, tumeni, leta, simamia, njooni, thibitisheni.

Kisha kuna zile zilizojificha. *Msichelewe, itoe, mfanye, atoe, msijibu*: hizi tano tayari zina mtendaji, na kwa sarufi si amri kavu, lakini sikioni zinapiga vilevile. Zipigie mstari nazo. Tutazirudia, kwa sababu ndizo zinazowaponza watu wanaodhani kubadilisha *-a* kuwa *-e* kunatosha.

Hatua ya pili: mpe kitenzi mtendaji

Wanasarufi huliita umbo hili dhamira tegemezi. Mimi nitaliita umbo la *-e*, ndivyo tulivyoliita mezani. Weka mtendaji mbele, kisha *-a* ya mwisho igeuze kuwa *-e*. Fikeni inakuwa *mfike*. Tumeni inakuwa *mtume*. Thibitisheni inakuwa *mthibitishe*. Leta, kwa mtu mmoja, inakuwa *ulete*, na simamia inakuwa *usimamie*.

Kuna mitego mitatu, na yote niliingia.

Mtego wa kwanza ni vitenzi visivyoishia na *-a*, ambavyo vingi vina asili ya Kiarabu. Hivi havibadiliki mwishoni. Jibuni ni *mjibu*, rudini ni *mrudi*, sameheni ni *msamehe*. Sikio limeshazoea kusikia *-e*, kwa hiyo mkono unaandika "mjibie" au "mrudie". Hayo ni maneno mengine kabisa: kumjibia mtu ni kujibu kwa niaba yake, na kumrudia mtu ni kurudi kwake, jambo ambalo kwenye kundi la ukoo linaweza kuzua maswali.

Mtego wa pili ni vitenzi vifupi na vile vikaidi. Njooni ni *mje*. Nendeni ni *mwende*. Kuleni ni *mle*, na kunyweni ni *mnywe*. Ile *ku-* iliyokuwa mbele inaanguka. Mtu akiandika "mkule" au "mkuje" wazee wataelewa, ila watajua pia kwamba hukutulia.

Mtego wa tatu ni m mbili kukutana. Ukitaka watu wengi wamtumie mhazini pesa, umbo sanifu ni *mmtumie*: m ya kwanza ni ninyi, ya pili ni yeye. Kwenye simu inaonekana kama kosa la kidole, na simu nyingine huifuta m moja bila kukuuliza. Ikibaki *mtumie*, inasomeka kama amri kwa mtu mmoja, "mtumie yeye", yaani umerudi ulikotoka. Wengi huandika *mumtumie* ili kukwepa hilo. Mimi huandika *mmtumie* na kuhakikisha m zote mbili zimebaki kabla ya kutuma.

Hatua ya tatu: tafuta wa kulibeba umbo la -e

Hapa ndipo nilipodhani nimemaliza. Nikamsomea mama: "Mfike mapema. Mtume kwa mhazini. Baba mdogo ulete spika." Akacheka. "Sasa umekuwa mwalimu mkuu."

Alikuwa sahihi. Umbo la *-e* likisimama peke yake ni agizo. Ndilo analolitumia mwalimu mkuu paredi, na mwenyekiti wa mtaa anayesema "kila nyumba ilete fagio". Kitu linachokupa ni nafasi ya kutanguliza kitenzi kingine kinacholibeba. Amri haikubali kubebwa. Huwezi kusema "naomba fikeni". Lakini "naomba mfike" inakaa vizuri.

Anayebeba mara nyingi ni *naomba*. Ukiomba kwa niaba ya kamati, sema *tunaomba*. Jambo likiwa lako mwenyewe, *naomba*. Ukitaka kugusa watu waziwazi, *nawaomba*. Kuna pia *naombeni*, ambayo utaisikia kila siku sokoni na kwenye daladala, "naombeni nafasi kidogo". Mdomoni ni tamu. Katika ujumbe wenye babu ndani ningeiacha.

Kwa jambo zito zaidi, rudisha ombi nyuma kwa wakati: *nilikuwa naomba*. "Baba mdogo, nilikuwa naomba utusaidie spika." Hakuna kilichopita hapo, ombi ni la sasa hivi, lakini wakati uliopita unampa mzee mwanya wa kukataa bila aibu, kana kwamba ombi lenyewe lilishaanza kuondoka. *Ningeomba* inafanya kazi hiyohiyo kwa urasmi kidogo.

Hiyo *-nge-* nayo ichungwe. Nikajaribu kuwa mpole kupita kiasi nikaandika, "Baba mdogo ungeleta spika." Mama akauliza, "Kwani hakuleta?" Ndivyo ilivyo: *-nge-* isipopata mwenzake husikika kama lawama juu ya jambo lililokwisha kuharibika. *Ungeniambia* ni malalamiko. Ukitaka kuitumia, ikamilishe: "Ungetusaidia spika tungeshukuru." Au iweke juu ya kuomba tu, *ningeomba utusaidie*, hapo haina madhara.

*Tafadhali* haitoshi kuchukua kazi hii. "Tafadhali tumeni michango" bado ni amri, ila imevaa tai. Ndiyo lugha ya tangazo lililobandikwa kwenye dirisha la ofisi. Na swali la "unaweza?" nalo sikulipenda. "Baba mdogo, unaweza kuleta spika?" Kwa wazee wetu hilo ni swali kuhusu uwezo, na namjua baba mdogo: angejibu "naweza", kisha akaendelea na mambo yake.

Sasa, ukishapata *naomba*, usiiweke kila sentensi. Naomba moja hubeba vitenzi viwili vitatu bila kuchoka: "Naomba mfike mapema, mkae karibu na wazee, na mwache gari nje ya geti." Ukiirudia mbele ya kila kimoja, ujumbe unakuwa litania, na mtu wa tano kuusoma ataanza kuhisi unamdhihaki.

Nina binamu aliyekulia Nairobi. Yeye huingia dukani hapa Moshi na kusema "nataka sukari kilo mbili", bila nia mbaya, maana kule hiyo ni sentensi ya kawaida. Muuza duka humpa sukari huku akimtazama. Kwetu ni "naomba sukari" hata kama pesa iko mkononi.

Hatua ya nne: onyesha kazi ni kwa ajili ya nani

"Leta spika" haisemi spika ni ya nani wala ya nini. Kiswahili kina silabi ndogo inayojibu hilo, ile *-ea* au *-ia*: *utuletee*. Ndani yake mna wewe unayeleta, na sisi tunaoletewa. Vivyo hivyo *utusimamie*, *mtuwahie*, *unifungulie*. Ombi lenye "sisi" ndani yake ni gumu kulikataa kuliko lenye spika peke yake.

Angalia kosa moja dogo. Amri ikipata *ni-* au *tu-* ya mtendwa, yenyewe hugeuka kuwa *-e*: *niletee, tuletee, nipe, nisaidie*. Inafanana na umbo tunalolitaka lakini bado ni amri, kwa sababu mtendaji hayupo. Tofauti ya *tuletee* na *utuletee* ni herufi moja. Kwa mdogo wako *tuletee* haina shida yoyote. Kwa baba mdogo, herufi hiyo iandike.

Na kwenye kundi lenye watu arobaini kuna njia ninayoipenda zaidi, nayo ni kumtaja mzee kama mtu wa tatu: "Tunaomba baba mdogo atusaidie spika." Ukisema *utusaidie* mbele ya wote ni kama umemnyooshea kidole. Ukisema *atusaidie*, unaongea na ukoo wote huku yeye akisikia, na heshima inabaki kwake.

Hatua ya tano: zile zilizojificha

*Msichelewe* iko hivi: Kiswahili hakina namna nyingine ya kumkataza mtu kwa kitenzi kimoja. Amri ya kukanusha na ombi la kukanusha huvaa nguo moja, *msi-* au *usi-*. Kwa hiyo ukiweka "naomba msichelewe", umelainisha mwanzo tu. Ndani bado kuna tuhuma kwamba watachelewa. Dawa ni kuigeuza iwe chanya na kujiingiza mwenyewe: *tujitahidi kufika kabla ya saa nne*. *Tu-* hii haihitaji hata naomba, kwa sababu na wewe umo. Ila iwe kweli. Usiandike "tuchange mapema" kama wewe mwenyewe hujachanga; mhazini ana daftari.

*Msijibu kwa kidole gumba* ilikuwa ya kijinga zaidi. Watu waliweka kidole gumba kwa sababu sikuwapa cha kuandika. Badala ya kukataza, nikauliza kitu chenye jibu: naomba kila kaya iniandikie idadi ya watu, nijue sahani za kukodi. Mtu hawezi kujibu idadi kwa kidole gumba, labda kaya yake iwe na mtu mmoja.

*Atakayeshindwa kufika atoe taarifa* ni lugha ya ubao wa matangazo. *Atakaye-* humgeuza ndugu kuwa mtu asiyejulikana anayesubiriwa akosee. Tukaandika *mwenye udhuru anidokeze tu mapema*. Neno udhuru linamhesabia haki tangu mwanzo, na hiyo *tu* inaonyesha jambo si zito.

*Mfanye usafi* nayo tukaivunja. Vijana hawakukerwa na usafi, walikerwa na kutumwa. *Tufagie* ikawatosha, kwa sharti kwamba nami niwepo na fagio.

Amri unazoweza kuziacha

Kabla ya kufuta kila amri, kumbuka mama anavyowaambia wageni mezani. "Karibuni, kuleni, ongezeni." Ni amri tupu, na hakuna aliyewahi kununa. Amri inauma pale faida inapomwendea anayeamuru. Ikimwendea anayeamriwa, ni ukarimu: *pumzika, kaa, kula, njoo ndani*. Ndiyo maana *njooni mfanye usafi* ilichoma lakini *njooni na watoto wote* ni mwaliko. Kinyume chake, ukimwambia mgeni "ningeomba ule" atajiuliza kama chakula kina kasoro.

Na usilainishe tarehe. Nilipoanza kunogewa na upole nikaandika "kama itawezekana, kabla ya tarehe 15 hivi". Mama akalikata neno *hivi* kwa kalamu. Muda, kiasi cha pesa na mahali viandikwe kwa sentensi ya kawaida ya taarifa: kikao *kitaanza* saa nne kamili, mchango *ni* shilingi 50,000. Upole ukae kwenye kitenzi kinachomgusa mtu. Ukiuhamishia kwenye tarehe, utaletewa mchango tarehe 26 usiku pamoja na maelezo mazuri sana.

Ujumbe ulivyotoka

Asubuhi yake niliufuta ule wa kwanza, ingawa wote walishausoma, nikaanza na samahani moja fupi kwamba niliuandika nikiwa njiani. Kisha huu:

> Wakubwa wetu shikamooni, wadogo hamjambo. Kikao cha ukoo kitakuwa tarehe 27 Desemba nyumbani kwa babu Kibosho, na kitaanza saa nne kamili asubuhi. Tujitahidi kufika kabla ya hapo, ili wanaorudi Arusha siku hiyohiyo wasiingie barabarani usiku. Njooni na watoto wote.
>
> Mchango ni shilingi 50,000 kwa kila kaya. Nawaomba mmtumie mhazini kabla ya tarehe 15, apate kulipia mbuzi mapema.
>
> Tunaomba baba mdogo atusaidie spika, na shangazi atusimamie kwenye mtori kama ilivyo kawaida yake. Vijana, tukutane tarehe 26 saa tatu asubuhi, tufagie uwanja na kupanga viti. Nitakuwepo.
>
> Naomba kila kaya iniandikie idadi ya watu kabla ya tarehe 20, nijue sahani za kukodi. Mwenye udhuru anidokeze tu mapema.

Ni mrefu kuliko wa kwanza, karibu mara mbili. Sehemu ya urefu huo ni sababu: *ili wasiingie barabarani usiku, apate kulipia mbuzi, nijue sahani*. Ukichunguza utaona kila sababu nayo imebebwa na umbo la *-e*. Umbo hilohilo linaloomba ndilo linaloeleza kwa nini, na ombi lenye sababu halihitaji tafadhali.

Nina jaribio moja kabla ya kutuma. Msomee mtu mmoja kwa sauti, si kwa macho, kwa kasi yako ya kawaida. Mahali ambapo sauti yako inapanda kama ya kondakta anayewahimiza abiria wasogee nyuma, kuna amri imebaki. Ulimi ukijikwaa kwenye maombi matatu yaliyofuatana, umezidisha.

Baba mdogo alijibu kabla ya saa sita mchana. "Sawa mwanangu. Spika ipo ila waya umekatika, mtafute fundi." Hiyo *mtafute* sijui kama alinituma mimi peke yangu au alituambia wote, umbo linakubali yote mawili. Nikaamua ni mimi, nikampeleka fundi.

Shangazi alijibu jioni. "Nimekuelewa mwanangu. Sasa huo mtori nitausimamia kwa ndizi zipi? Mwaka juzi mliniletea za kununua, hazikuiva."

Kweli, ndizi sikuziandika kwenye ujumbe wa kwanza wala wa pili. Nikaongeza mstari mmoja: "Naomba kaya za Kibosho zituletee mshare, mkungu mmoja mmoja, ifikapo tarehe 26 jioni." Nilitafakari kidogo juu ya *zituletee*, kwamba mtendaji ni kaya na si ninyi, kisha nikaiacha ilivyo. Mikungu minne ilifika, na kaya za Kibosho ni tatu.